Jakpoti ya mechi 13 kwa franka 18,000: duble tano, triple mbili, au mfumo uliopunguzwa?

Una franka 18,000 na wiki hii huongezi hata moja. Jakpoti ina mechi 13, safu moja, yaani jibu moja kwa kila mechi, inagharimu franka 500, na kitita kinakwenda kwa mwenye kupatia zote 13. Bei hiyo ya safu ni ya mfano. Kama kibanda unachochezea pale Kamalondo kina bei nyingine, gawanya bajeti yako kwa bei yao na endelea, njia ya kuhesabu haibadiliki. Kwa bei yetu unapata safu 36, na kazi ni kujua uzipange vipi.

Kila mechi ina matokeo matatu: mwenyeji ashinde (1), sare (X), mgeni ashinde (2). Kwa mechi 13 hiyo ni michanganyiko 1,594,323. Jakpoti za mechi 17, kama ile ya Kenya ambayo Samuel Abisai aliivunja mwaka 2017 akachukua zaidi ya shilingi milioni 221, zina michanganyiko zaidi ya milioni 129. Ukitazama hivyo, safu 36 si kitu. Lakini michanganyiko haina uzito sawa, na ndiyo sababu mpangilio wa safu zile zile 36 unaweza kukupa nafasi mara tano ya mpangilio mwingine. Tofauti hiyo haitoki kwenye kujua mpira zaidi ya jirani. Inatoka kwenye mahali unapoweka duble, yaani alama mbili kwa mechi moja, na triple, yaani alama zote tatu.

Kwanza, pima mechi zako

Usiipime mechi kwa moyo, hasa moyo wa mtu wa Lubumbashi siku Mazembe inapokutana na Lupopo. Chukua zile kote, yaani namba za malipo zinazoandikwa kando ya mechi. Tuseme mechi moja ina 2.45 kwa mwenyeji, 3.10 kwa sare na 2.90 kwa mgeni. Gawanya 1 kwa kila kote: unapata 0.408, 0.323 na 0.345. Ukijumlisha inakuja 1.076, si 1, kwa sababu ile ziada ni sehemu ya kampuni. Gawanya kila namba kwa 1.076 na sasa una picha safi: mwenyeji asilimia 38, sare 30, mgeni 32. Mechi ya namna hii naiita ya mvutano. Haina mwenyewe.

Fanya hivyo kwa mechi zote 13, utaona zinajigawa makundi. Kwa mfano wetu nachukua orodha ya kawaida: mechi 4 za wazi, ambapo timu kubwa ina asilimia 70, matokeo ya pili yana 18 na ya tatu 12, mechi 5 za kati, zenye 55, 25 na 20, na mechi 4 za mvutano kama ile ya juu, 38, 32 na 30.

Ukicheza safu moja tu, ukichagua alama yenye nguvu kila mahali, nafasi ya kupata 13 ni 1 kati ya 3,969 hivi. Hiyo ndiyo hatua ya kuanzia. Kila alama unayoongeza sasa inafanya mambo mawili kwa pamoja: inazidisha bei na inazidisha nafasi. Mtu anayejua kucheza hutazama hizo mbili bega kwa bega.

Duble kwenye mechi ya mvutano inazidisha bei mara 2 na nafasi mara 1.84, kwa sababu unatoka asilimia 38 kwenda 70. Duble kwenye mechi ya kati inazidisha bei mara 2 vile vile, lakini nafasi inaongezeka mara 1.45 tu. Kwenye mechi ya wazi unalipa mara 2 kwa nafasi mara 1.26. Halafu kuna alama ya tatu, ile inayogeuza duble kuwa triple. Kwenye mechi ya mvutano inazidisha bei mara moja na nusu tu, kwa kuwa unatoka alama mbili kwenda tatu, na nafasi inazidi mara 1.43. Linganisha hiyo na duble ya mechi ya kati: nafasi ni karibu ile ile, bei ni ndogo zaidi. Wachezaji wengi hawaioni, kwa kuwa triple ina sura ya mtu aliyeshindwa kuamua. Mbele ya mechi ya 38, 32, 30, mtu huyo ndiye ameamua vizuri.

Mipangilio minne, bajeti moja

Mpangilio wa kwanza ni ule unaousikia sana vibandani. Kijana anamwambia mkubwa wake: "Yaya, bale bakubwa banaweza kutuangusha, tubawekee duble." Basi duble nne zinakwenda kwenye mechi za wazi, ya tano kwenye mechi moja ya mvutano, na mechi tatu za mvutano zilizobaki zinachezwa kwa alama moja moja. Hofu hiyo inaeleweka: timu kubwa ikianguka inauma, na watu wanaikumbuka mwaka mzima. Lakini umelipia ulinzi pale ambapo ajali ni chache na kuacha wazi pale ambapo ni karibu bahati tupu.

Wa pili unatumia duble tano pia, ila nne zinakwenda kwenye mechi za mvutano na moja kwenye mechi ya kati. Wa tatu unachukua triple mbili na duble mbili, zote kwenye mechi nne za mvutano. Wa nne ni mfumo uliopunguzwa, nitaueleza chini yake. Safu moja peke yake naiweka juu kama kipimo.

| Mpangilio | Safu | Bei (franka) | Nafasi ya kupata 13 | Kitita kinachorudisha bei |
|---|---|---|---|---|
| Safu moja | 1 | 500 | 1 kati ya 3,969 | milioni 2.0 |
| Duble 5, nne kwa timu kubwa | 32 | 16,000 | 1 kati ya 863 | milioni 13.8 |
| Duble 5, nne kwa mvutano | 32 | 16,000 | 1 kati ya 237 | milioni 3.8 |
| Triple 2 na duble 2 | 36 | 18,000 | 1 kati ya 169 | milioni 3.0 |
| Mfumo uliopunguzwa | 36 | 18,000 | 1 kati ya 351 | milioni 6.3 |

Kolamu ya mwisho ya jedwali ni bei ya tiketi mara idadi ya majaribio ambayo kwa wastani yanahitajika. Isome hivi: kama kitita kiko chini ya namba hiyo, unanunua kitu kwa bei inayozidi thamani yake, hata ukiwa mshindi peke yako.

Kuna mpangilio mmoja sikuuweka kwenye jedwali lakini uutazame: triple tatu kwenye mechi tatu za mvutano, zilizobaki zote alama moja. Ni safu 27, franka 13,500, na nafasi yake ni 1 kati ya 218. Umetumia pungufu ya mwenye duble tano na bado umempita. Kwa mtu ambaye franka 18,000 zinamkaza, hapo ndipo ningesimama.

Angalia pia kwamba safu moja peke yake ndiyo inayohitaji kitita kidogo kuliko zote. Kufunika mechi hakufanyi jakpoti iwe rahisi. Kila safu unayoongeza ina nafasi ndogo kuliko ile ya kwanza lakini inalipiwa franka 500 zile zile. Unachonunua ni kushinda mara nyingi zaidi, na unalipia kidogo zaidi ya haki yake. Ndiyo maana kitita kikiwa kidogo wiki fulani, safu moja au mbili zinatosha, na fedha zilizobaki zinangoja wiki ambayo kitita kimelimbikizwa.

Mfumo uliopunguzwa

Huu una historia nzuri. Mwaka 1947 mpenzi mmoja wa kubashiri wa Finland, Juhani Virtakallio, alichapisha katika gazeti la wabashiri *Veikkaaja* safu 729 za mechi 11. Ukizicheza zote, kuna safu moja isiyokosa zaidi ya mechi mbili, matokeo yawe yoyote. Miaka miwili baadaye Marcel Golay akachapisha kitu hicho hicho kama hesabu ya kusahihisha makosa katika mawasiliano, na wataalamu wa hesabu wanakihesabu kuwa hazina mpaka leo. Kwa mechi 13 kuna mfumo kamili wa safu 59,049 unaohakikisha angalau 12. Kwa bei yetu hiyo ni zaidi ya franka milioni 29, kwa hiyo tuuache.

Kitoto chake kinaingia mfukoni. Triple nne kamili ni safu 81. Mfumo huu unazipunguza ziwe 9, na unahakikisha kwamba kwenye mechi hizo nne hukosi zaidi ya moja:

```
1 1 1 1
1 X X 2
1 2 2 X
X 1 X X
X X 2 1
X 2 1 2
2 1 2 2
2 X 1 X
2 2 X 1
```

Jaribu mwenyewe. Chukua matokeo yoyote ya mechi nne, tuseme X, 2, 2, 2. Safu ya sita, X 2 1 2, imekosa mechi moja tu. Hakuna matokeo utakayotoa yakakosa safu iliyo karibu namna hiyo.

Kwa safu 36 unazidisha hizi 9 mara 4, yaani unaongeza duble mbili kwenye mechi za kati. Inavutia: umefunika mechi nne zote za mvutano kwa alama tatu na bado una duble mbili mkononi. Wanaouza mifumo mitandaoni hupenda sana neno "hakikisho", na ni hapo ninapowapinga. Hakikisho lina sharti: mechi zile nyingine 9 ziwe sahihi zote. Na likitimia linakupa 12, si 13. Kati ya mara 9 ambazo sharti limetimia, ni mara 1 tu inayokupa zote.

Nilitarajia angalau kwenye kupata 12 mfumo huu uongoze. Kwa orodha yetu hauongozi. Nafasi ya kupata 12 au zaidi kwa mfumo uliopunguzwa ni 1 kati ya 26. Kwa triple mbili na duble mbili za kawaida ni 1 kati ya 22. Sababu ni zile duble mbili za mechi za kati: zimemeza robo tatu ya bajeti mahali ambapo alama ya pili inaleta kidogo. Ukicheza safu 9 tupu bila duble, franka 4,500, mfumo uliopunguzwa unashinda kidogo kwenye kupata 12 (1 kati ya 50, dhidi ya 1 kati ya 57 kwa triple mbili za kawaida), lakini unashindwa kwenye 13.

Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kuuchagua ni hili: jakpoti hii inalipa nini kwa 12? Stryktipset ya Sweden, yenye mechi 13 kama yetu, inalipa mpaka aliyepata 10, na katika mchezo wa namna hiyo mfumo uliopunguzwa una mahali pake. Kama jakpoti unayocheza inalipa 13 tu, au zawadi ya 12 haifiki hata bei ya tiketi, achana nao. Tena vibanda vingi na programu nyingi havina kitufe chake. Utalazimika kuandika tiketi tisa, kila moja na duble zake mbili, na ukikosea alama moja kwenye tiketi moja hakikisho limevunjika bila wewe kujua.

Tiketi ya triple mbili na duble mbili inaandikwa mara moja tu, na ina kitu kingine ambacho watu hawakihesabu. Siku inapopata 13, safu sita nyingine ndani yake zina 12. Pale ambapo 12 inalipwa, unachukua hizo sita pia.

Kabla ya kulipa

Soma idadi ya safu kwenye tiketi kabla ya kutoa fedha. Triple mbili na duble mbili ni 3 mara 3 mara 2 mara 2, yaani 36. Ukiona 24, triple moja imekuwa duble. Ukiona 54, duble imekuwa triple na bei imepanda. Baadhi ya jakpoti zina kikomo cha duble na triple, na mashine inaweza kukataa au kukubali nusu.

Kanuni ya pili ya kusoma ni ya mechi zilizoahirishwa. Kuna kampuni zinazoifuta mechi na kupunguza jakpoti, nyingine zinaita mechi ya akiba, nyingine zinapiga kura ya matokeo, yaani yanatolewa kwa bahati nasibu. Hapo unaweza kupoteza au kupata kwa kitu ambacho hakikuchezwa. Ukijua kwamba kampuni yako inapiga kura, mechi yenye hatari ya kuahirishwa, kwa mvua au theluji za Ulaya mwezi wa Januari, inageuka ya mvutano hata kama timu kubwa ina asilimia 70 kwenye karatasi. Na mechi za kombe zinahesabiwa kwa dakika 90. Bao la zile dakika 30 za ziada baada ya sare halikuokoi, na sare inakuwa na uzito zaidi ya watu wanavyodhani.

Halafu kuna kugawana. Kitita kikigawiwa washindi wote, wiki ambayo timu zote kubwa zimeshinda ni wiki mbaya ya kushinda, maana wengi wameandika alama zile zile. Hapa kuna sababu nyingine ya kupenda triple kwenye mechi za mvutano: sare, ambayo wachezaji wengi hawapendi kuiandika, iko ndani ya tiketi yako. Ikitokea sare mbili tatu kwenye orodha, wenzako wengi wametoka.

Peke yako au na wenzako

Watu wanaojua likelemba hawahitaji kufundishwa kuweka makuta pamoja, ila jakpoti si likelemba: hapa hakuna zamu inayokufikia lazima. Hesabu yake ni hii. Watu watatu wenye safu 27 kila mmoja, franka 13,500 kila mmoja, wanaweza kununua triple nne kamili: safu 81, mechi zote za mvutano zimefunikwa. Nafasi ni 1 kati ya 83, na kila mmoja anachukua theluthi. Akicheza peke yake kwa triple tatu, kila mmoja ana 1 kati ya 218 na kitita chote. Kwa wastani wa muda mrefu mwenye kucheza peke yake anapata kidogo zaidi, kama sehemu 14 kwa 100, ila ushindi wake unachelewa sana.

Kuchelewa huko kuna sura. Nafasi ya 1 kati ya 169, ukicheza kila wiki, ni wastani wa zaidi ya miaka mitatu, na ndani ya muda huo utakuwa umelipa kama franka milioni 3. Hata baada ya wiki hizo 169, zaidi ya mtu mmoja kati ya watatu atakuwa hajaona 13 hata mara moja. Kwa kundi la 1 kati ya 83, hali hiyo hiyo inafika katika mwaka mmoja na nusu na zaidi kidogo.

Wanaocheza kwa kundi wakosee kitu kimoja tu na faida yote inapotea: kila mmoja aandike tiketi yake "kwa ajili ya kundi". Watatu hao wataandika karibu alama zile zile, na fedha za watatu zitanunua safu za mtu mmoja zilizorudiwa mara tatu. Tiketi iwe moja, ya safu 81, imeandikwa na mtu mmoja mbele ya wengine. Kama kampuni hairuhusu triple nne, gawanyeni mechi moja ya mvutano: wa kwanza aandike triple kwenye zile tatu na 1 kwenye ya nne, wa pili vile vile na X, wa tatu na 2. Ni safu 27 kila mmoja, hakuna hata moja iliyorudiwa, na jumla ni 81 zile zile. Kabla mechi ya kwanza haijaanza, pigeni picha ya tiketi zote tatu na kila mmoja awe nayo kwenye simu yake, pamoja na majina na kiasi alichotoa kila mtu.